Viota viwili katika baraza moja: uchambuzi wa kisa cha mbayuwayu na shomoro

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha nyumba yenye baraza la mbele lililoezekwa, ambamo ndege wa aina mbili walikuwa wamejenga kwa wakati mmoja. Mbayuwayu walikuwa na kikombe cha tope kilichogandishwa ukutani juu ya mlango wa kuingilia, karibu kabisa na dari. Kiota cha shomoro hakikuonekana waziwazi. Kilichokitambulisha ni nyasi kavu, manyoya na nyuzi za plastiki zilizoning'inia kutoka katika mwanya kati ya kichwa cha ukuta na paa, upande wa pili wa baraza, jirani kabisa na taa ya nje. Sakafu ilikuwa imechafuka pande zote mbili, na katika nyumba hiyo kulikuwa na mtoto anayetambaa. Baba wa nyumba alitaka viota vyote viangushwe siku hiyohiyo. Mama yake, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa barazani jioni kuliko mtu mwingine yeyote, alikataa. "Mwanangu," alimwambia, "humo mna makinda, na makinda hawaombi ruhusa ya kuzaliwa." Mimi niliitwa nitazame, nishauri, kisha nifuatilie mpaka jambo limalizike.

Nilichoona kwanza ni kwamba mabishano yao yalikuwa yakiwahusu "ndege" kwa jumla, kana kwamba uamuzi mmoja ungewatosha wote. Mbayuwayu na shomoro wanafanana kwa kuipenda nyumba ya binadamu, lakini hawafanani kwa namna wanavyojenga, kwa muda wanaokaa, wala kwa hasara wanayoleta. Kwa hiyo tulianza kwa kutenganisha uchafu wa kila mmoja kabla ya kuzungumza habari ya kuvumilia au kufukuza.

Uchafu wa mbayuwayu una mahali pake na una wakati wake. Kiota kinajengwa kwa vidonge vya tope ambavyo ndege huvibeba mdomoni kimoja kimoja, mara nyingi zaidi ya elfu moja kwa kiota kimoja, na katika siku za ujenzi vidonge vingine huanguka na kuacha madoa ukutani na sakafuni. Baada ya hapo jike huatamia mayai kwa muda wa wiki mbili hivi, na katika kipindi hicho sakafu huwa karibu safi. Makinda wakishaanguliwa, kinyesi chao hutoka kikiwa kimefungwa katika kifuko chembamba cha ute, na wazazi hukichukua mdomoni na kwenda kukitupa mbali. Mtu akimwona mbayuwayu akitoka kiotani na kitu cheupe mdomoni, ajue kwamba makinda bado ni wachanga na kwamba uchafu mkubwa haujaanza. Hali hubadilika makinda wanapokaribia kuota manyoya kamili: hugeuza mgongo, husogeza mkia ukingoni mwa kikombe na kuachilia kinyesi nje, nacho huanguka wima hadi sakafuni. Rundo linalowakasirisha watu hujengeka katika siku hizo za mwisho, yaani katika wiki moja na nusu hivi ya mwisho kati ya wiki tatu ambazo makinda hukaa kiotani.

Katika kisa chetu, rundo chini ya mlango lilikuwa dogo, lenye madoa ya tope kuliko kinyesi, na mara mbili tulimwona jike akitulia kiotani bila kuleta chakula. Maana yake ni kwamba mbayuwayu walikuwa bado wanaatamia. Mama mzee alikuwa na haki katika hoja yake kuu, isipokuwa makinda aliowataja walikuwa bado mayai. Baba wa nyumba naye aliona uchafu mdogo akadhani ndio kilele, ilhali kilele kilikuwa hakijafika. Nilimweleza hivyo bila kuficha, kwa sababu mtu akikubali kuvumilia kwa kudhani kwamba ubaya umeshapita, uvumilivu wake utavunjika katika wiki ambayo makinda wanauhitaji zaidi.

Shomoro ni habari nyingine. Hajengi kwa tope. Husokota na kushindilia nyasi, matambara, nyuzi, karatasi na manyoya ndani ya tundu lolote linaloweza kumficha, na hana mpaka wa kiasi cha vitu anavyojaza. Huatamia kwa siku 11 hadi 14, makinda wake hukaa kiotani kama wiki mbili, na katika msimu mmoja anaweza kulea mara mbili, tatu au hata zaidi, mara nyingi katika tundu lilelile. Hahami. Msimu wa kuzaa ukiisha, tundu hugeuka kuwa mahali pa kulala. Kwa hiyo uchafu wake hauji kwa kishindo kimoja na kuondoka, bali ni mvua ndogo ya nyasi na vinyesi isiyokatika. Tena uchafu huo ndio sehemu nyepesi ya tatizo. Sehemu nzito ni kile kinachokaa juu, mahali pasipoonekana: katika nyumba nyingi nyasi huziba mifereji ya paa, maji ya mvua yakarudi chini ya paa na kuozesha mbao, na panapokuwa na taa au nyaya, rundo kavu la nyasi linalogusa balbu yenye joto au kiungo cha waya kisichofunikwa vizuri ni kuni zilizokwisha kupangwa.

Tulipopanda ngazi kuchungulia, tulikuta nyasi zimefika kwenye kifuniko cha taa na kukizunguka nusu. Hapo niliacha habari ya ndege kwa muda na kuomba swichi kuu izimwe. Taa ile iliondolewa na fundi wa umeme, ncha za nyaya zikafunikwa ndani ya kisanduku chake, na baraza likatumia taa ya kuhamishika iliyowekwa mezani. Hatua hii haikuhitaji kusubiri uamuzi wowote kuhusu kuvumilia, na ningeishauri hata kama kiota kile kingekuwa cha ndege adimu. Ilichukua muda mfupi, na shomoro hawakuhama.

Swali la afya ndilo lililomsumbua zaidi mama wa mtoto, na alistahili jibu la kina. Kinyesi cha ndege kinaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, hasa salmonela, na mtoto anayetambaa hupeleka mikono mdomoni kila dakika. Hatari nyingine ni vumbi: kinyesi kilichokauka kikifagiwa hupanda hewani na kuvutwa kifuani. Ugonjwa wa mapafu unaotokana na ukungu unaoota katika kinyesi cha ndege na popo huhusishwa hasa na marundo makubwa yaliyokaa muda mrefu, si rundo la kiota kimoja linaloondolewa mara kwa mara. Hata hivyo namna ya kusafisha ni ileile. Kinyesi hakifagiwi kikiwa kikavu. Hulowanishwa kwa maji ya sabuni na kuachwa dakika kadhaa kilainike, kisha hukwanguliwa na kufutwa kwa karatasi au kitambaa cha kutupwa, na mwisho pahali hapo hupanguswa kwa dawa ya klorini iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu tisa za maji. Mtu avae glavu na barakoa, na nguo zake zifuliwe. Sehemu nyeupe ya kinyesi ni asidi ya mkojo isiyoyeyuka kwa urahisi majini. Ndiyo sababu kumwagia ndoo moja ya maji na kuondoka huacha alama, na ndiyo sababu pia hula rangi ya milango na ya magari ikiachwa ikauke juani.

Ilikubaliwa kwamba mtoto asitambae barazani mpaka msimu uishe. Sharti hilo lilikuwa gumu kwa familia, na sitaki lionekane dogo. Kama baraza lingekuwa ndilo eneo pekee la mtoto kuchezea, au kama ndani ya nyumba kungekuwa na mgonjwa ambaye kinga yake ya mwili imedhoofika, uamuzi ungeelekea upande mwingine.

Baada ya hayo ndipo tulipofika kwenye mtego wa kisa hiki, ambao watu wengi wenye ndege wa aina zote mbili huuingia bila kujua. Hoja iliyoonekana ya busara kwa kila mmoja ilikuwa hii: tuwaache mbayuwayu, kwa kuwa wana mwisho wao, na tuwaondoe shomoro mara moja, kwa kuwa hawana mwisho. Tundu la shomoro lilikuwa limetulia. Makinda wao walikuwa wameshatoka na kuruka, na tulikuta kiota kitupu. Baba wa nyumba alikuwa ameshaleta wavu wa waya na saruji. Nilimwomba angoje, naye akauliza, kwa haki kabisa, tunangoja nini ikiwa kiota ni kitupu.

Tulichongoja ni usalama wa kiota cha pili. Shomoro aliyenyang'anywa tundu hahami mtaa. Huanza kutafuta tundu lingine palepale, na kikombe cha mbayuwayu kilichokwisha kujengwa ni mojawapo ya vitu anavyovitamani sana. Humfukuza mwenyewe, hutoboa au kutupa mayai, anaweza hata kuua makinda wachanga, kisha hujaza nyasi juu ya tope. Dalili zake hazifichiki: maganda yenye tundu la mdomo sakafuni, mbayuwayu wakizunguka barazani kwa kelele bila kutua, na nyasi zikichomoza kutoka katika kikombe ambacho jana kilikuwa na manyoya tu. Kwa hiyo kuziba tundu wakati mbayuwayu wanaatamia, umbali wa mita chache tu, kungewafanya shomoro kuwa wavamizi wa kile tulichokuwa tunajaribu kukilinda.

Upande mwingine, kutoziba kulikuwa na gharama yake. Shomoro anaweza kutaga tena siku chache tu baada ya makinda kuondoka, na tukichelewa tungelazimika kuvumilia malezi mengine kamili. Hapakuwa na njia isiyo na hasara. Nilipendekeza tuchukue hasara iliyo nafuu: shomoro waachiwe tundu kwa mzunguko mmoja zaidi, kwa kuwa taa ilikuwa imekwisha kuondolewa na hatari ya moto pamoja nayo, na tundu lizibwe baada ya makinda wa mbayuwayu kuruka. Wakati huohuo kisanduku cha mbao chenye tundu la milimita 32 kitundikwe chini ya upenu wa nyuma ya nyumba, mbali na mlango wowote, ili shomoro wakifungiwa upande wa mbele wawe na pa kwenda. Baba wa nyumba hakufurahi, ila alikubali alipoona kwamba tofauti ya kalenda ilikuwa ya wiki kadhaa tu.

Sheria nazo zilizingatiwa, ingawa katika kisa hiki hazikuamua peke yake. Katika nchi nyingi ni kosa kuharibu kiota cha ndege wa porini kinachotumika. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inalinda viota vya karibu ndege wote wa porini, shomoro akiwemo, kuanzia vinapojengwa; ile ya Marekani ya mwaka 1918 inawalinda mbayuwayu, lakini haimlindi shomoro wa majumbani, aliyeletwa huko kutoka nje. Mtu yeyote anayetaka kuangusha kiota chenye mayai aulize kwanza ofisi ya wanyamapori ya mahali alipo, kwa sababu jibu la kwa shomoro linaweza kuwa tofauti na la kwa mbayuwayu.

Utekelezaji ulianza na kibao. Ubao wa upana wa sentimita 30 ulifungwa kwa vyuma viwili vya pembe ukutani, chini ya kiota cha mbayuwayu, juu ya kimo cha mtu. Umbali kati ya ubao na kiota unahitaji kufikiriwa. Ukiwa karibu mno, paka, panya au ndege wengine hupata pa kusimama na kufikia makinda, na wazazi hukosa nafasi ya kuingia kwa kasi waliyoizoea. Ukiwa mbali mno, kinyesi husambaa kabla ya kuufikia. Tuliuweka sentimita 50 chini ya kiota, na ningeona sentimita 30 kuwa kikomo cha ukaribu. Kazi ilifanywa katika mchana wenye joto, kwa dakika chache, skrubu zikiwa zimeshapimwa na matundu ya ubao kutobolewa mapema upande wa nyuma. Jike aliruka, akazunguka, akarudi muda mfupi baada ya ngazi kuondolewa. Asingerudi katika saa moja tungeuondoa ubao, kwa maana mayai yanayopoa hayasubiri mjadala wa watu. Kama ningeweza kuchagua wakati, ningeuweka ubao kabla ya kutagwa yai la kwanza au baada ya mayai kuanguliwa, wakati wazazi wamefungamana zaidi na kiota.

Juu ya ubao tulitandika karatasi nene, ambayo ilibadilishwa kila baada ya siku chache kwa kuikunja ikiwa bado na unyevu. Mlango wenyewe haukuhitaji kitu kingine, isipokuwa mkeka wa kupangusia miguu uliosogezwa pembeni. Katika wiki ya mwisho, rundo lilipokuwa kubwa kama nilivyotabiri, sehemu kubwa ya uchafu iliangukia kwenye karatasi na kiasi kidogo tu kikapita pembeni. Mama mzee ndiye aliyeichukua kazi ya karatasi kuwa yake, akawa anatupa taarifa za makinda kila tunapokutana.

Makinda waliruka, wakaendelea kurudi kulala kiotani kwa usiku kadhaa. Kipindi hiki huwadanganya wengi: kiota kinaonekana kitupu mchana, mtu akakiangusha, kumbe jioni familia nzima inarudi. Tulipohakikisha kwa jioni kadhaa kwamba hakuna anayerudi, tuligeukia upande wa shomoro. Makinda wao wa mzunguko wa pili walikuwa wametoka. Nyasi zote zilitolewa kwa mkono wenye glavu baada ya kunyunyiziwa maji, zikajaza mfuko mzima, na mwanya ukazibwa kwa wavu wa waya mgumu ulioshikiliwa kwa skrubu, kisha saruji mahali palipokuwa na upana mdogo. Shomoro hupenya tundu la milimita 32 bila shida, kwa hiyo mwanya wowote uliozidi sentimita mbili ulihesabiwa kuwa mlango. Sponji na karatasi hazikutumika, kwa kuwa shomoro huzing'oa. Wavu ulifungwa asubuhi, baada ya kuchungulia kwa tochi kuona kwamba hakuna aliyebaki ndani. Ndege aliyezibiwa ndani hufa na kuoza humo, na harufu yake ni adhabu kwa nyumba nzima.

Baada ya siku chache utitiri ulionekana ukutani juu ya mlango. Hao ni wadudu wanaonyonya damu ya makinda, na makinda wakiondoka hutoka kiotani kwa njaa. Wanaweza kumuuma mtu na kumwasha, lakini hawawezi kuendelea kuishi kwake. Hofu ilikuwa kubwa kuliko madhara. Ukuta ulipanguswa kwa maji ya sabuni kwa siku kadhaa mfululizo, na manyoya yaliyotandikwa ndani ya kikombe yakatolewa kwa uangalifu, huku tope lenyewe likiachwa. Nilishauri kikombe kisivunjwe kwa sababu mbayuwayu hukarabati kiota cha zamani kuliko kuanza upya. Kikombe kilichopo maana yake ni tope kidogo ukutani mwakani, na pia ni ahadi kwamba watajenga juu ya ubao uliokwisha kuwekwa na si mahali pengine.

Hoja hiyo ya mwisho inahitaji ulinzi, kwa kuwa mahali penye jozi moja huvutia jozi nyingine, na familia ilikubali kiota kimoja tu. Pembe mbili zilizobaki za baraza zilifunikwa kwa kipande cha bati laini kilichowekwa kwa mshazari wa nyuzi 45, kikiziba pale ukuta unapokutana na dari, kwa kuwa tope halishiki vizuri juu ya kitu laini kisicho na ukingo wa kuegemea. Sanamu za bundi na utepe unaometameta niliwakataza kununua: ndege huzizoea upesi. Miiba ya plastiki pia niliikataa, maana mbayuwayu huitumia miiba hiyo kushikia tope. Gundi ya kunasia ndege haikujadiliwa hata kidogo, kwa kuwa huwaua polepole kwa kuwanata manyoya.

Mwanzoni mwa msimu ujao baba wa nyumba anatakiwa kukagua pembe hizo kila asubuhi. Akikuta alama za tope mbichi nje ya mahali palipokubaliwa, na kama sheria ya mahali pake inaruhusu, azipanguse siku hiyohiyo zikiwa bado utepe mwembamba ukutani. Kikiwa kimeshakuwa kikombe na jike ametulia ndani yake, muda wa kukataa umekwisha, na kinachobaki ni kufunga ubao wa pili.